Majibu ya Choo: Amiba Uliyoandikiwa na Damu Usiyoiona

Mtu aliyesumbuliwa na tumbo kwa miaka mingi huwa na bahasha. Ndani yake kuna vikaratasi vya maabara, vingine wino umeshafifia, kutoka zahanati ya mtaani, kituo cha afya na maabara binafsi ya karibu na stendi. Ukivipanga kwa tarehe utaona neno moja likijirudia: amiba. Kila lilipoandikwa alinunua dozi, akapata nafuu wiki mbili, tatu, kisha tumbo likarudi palepale. Hatimaye yeye mwenyewe huanza kusema ana "amiba sugu", na watu wa nyumbani wanaitikia.

Nimefanya kazi ya maabara muda mrefu, na neno hilo nimeliandika mara nyingi. Najua linavyopatikana kwenye hadubini na najua linavyosomwa likishatoka dirishani. Kati ya hayo mawili kuna umbali, na ndani ya umbali huo wagonjwa wengi hupoteza miaka. Hii ndiyo hoja yangu: kukuta kimelea kwenye choo si sawa na kukuta sababu ya maumivu, na kukuta damu iliyofichika ni mwanzo wa kutafuta, wala si jibu.

Tumchukue mgonjwa wa mfano, niliyemuunda kutokana na wengi. Ni seremala wa Mwanza mwenye miaka 48. Tumbo lake huwaka juu ya kitovu, hujaa gesi, na choo chake leo laini, kesho kigumu. Hali hii ina miaka mitatu. Mwaka wa mwisho umeongeza uchovu: akipanda mlima kwenda nyumbani husimama njiani kupumua. Mgongo humuuma kwa sababu ya kazi, kwa hiyo hununua diklofenaki duka la dawa, vidonge viwili kwa siku kukiwa na kazi nyingi. Hilo hakuliona kama ugonjwa, na hakuna aliyemuuliza. Katika miaka hiyo mitatu ametumia dozi tano za metronidazoli, ile ambayo wengi tunaiita flajili.

Karatasi yake ya mwisho ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ya macho: choo rangi ya kahawia, kimeshikana, hakuna kamasi, hakuna damu. Ya pili ni ya hadubini: sisti za amiba zimeonekana, mayai machache ya minyoo ya safura, seli za usaha sifuri hadi mbili. Ya tatu ni mstari mmoja wa chini wenye herufi FOB, na mbele yake alama ya kujumlisha. Mhudumu aliyempokea alisoma neno amiba, akasoma neno safura, akaandika flajili na albendazoli. Mstari wa chini haukuguswa.

Tuanze na hiyo sehemu ya macho, ambayo watu huiruka kwa sababu haina majina ya kutisha. Amiba inayoumiza utumbo hutoboa ukuta wake. Ukuta ukitobolewa, choo husema: huwa cha majimaji au laini, kina kamasi, mara nyingi kina damu, na mgonjwa hukimbilia msalani mara nyingi kwa siku huku tumbo likimkata. Choo kilichoshikana, kisicho na kamasi wala damu, hakifanani na hali hiyo. Kwa hiyo kabla hujafika kwenye jina la kimelea, soma choo chenyewe kimeelezwaje. Kama sehemu ya juu ni shwari na sehemu ya chini inatangaza amiba, hapo pana jambo la kuuliza.

Sasa hizo sisti. Amiba huishi kwa sura mbili. Moja ni hai na inatembea, nasi tunaiita trofozoiti. Nyingine imejifunga ndani ya ganda, imetulia, ikisubiri kumezwa na mtu mwingine. Hiyo ndiyo sisti. Mtu anaweza kutoa sisti kwa miezi bila kuumwa chochote. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kuna amiba mbili ambazo sisti zake zinafanana kabisa chini ya hadubini: ukubwa uleule, viini vilevile, kimoja hadi vinne. Moja ni histolitika, inayoweza kusababisha kuhara damu na jipu la ini. Nyingine ni dispari, ambayo hukaa utumboni bila madhara. Mfaransa Emile Brumpt alisema tangu 1925 kwamba hizi ni aina mbili, na karibu hakuna aliyemsikiliza hadi 1993, vipimo vya vinasaba vilipomthibitisha. Mwaka 1997 wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba maabara inayotumia hadubini peke yake iandike majina yote mawili pamoja, kwa kuwa jicho haliwezi kuyatenganisha, na kwamba mgonjwa mwenye dalili asichukuliwe moja kwa moja kuwa anaumwa amiba. Sababu nyingine zitafutwe pia.

Maabara nyingi bado zinaandika histolitika peke yake. Sehemu ni mazoea. Sehemu nyingine, niseme bila kuficha, ni biashara: mteja aliyelipia kipimo hapendi kuambiwa hakuna kitu, na duka la dawa la jirani halipendi pia. Ongeza foleni ya asubuhi yenye sampuli nyingi, hadubini yenye lenzi iliyochoka, na seli kubwa za kinga za mwili ambazo kwa jicho la haraka hufanana na amiba. Kuna pia amiba ya tatu, koli, isiyo na madhara yoyote, ambayo sisti yake iliyokomaa huwa na viini hadi vinane. Asiyehesabu viini huiita histolitika, na karatasi inatoka.

Je, amiba ya kweli ipo? Ipo, na inaua. Maabara ikiona trofozoiti zinazotembea, ndani yake mna chembe nyekundu za damu zilizomezwa, na mgonjwa anahara damu, hakuna mjadala: atibiwe. Ila trofozoiti hufa haraka. Choo cha majimaji kinatakiwa kifike chini ya hadubini ndani ya nusu saa tangu kitoke, choo laini ndani ya saa moja. Sampuli iliyotoka saa kumi na moja alfajiri, ikasafiri kwa daladala na kupimwa saa nne, haiwezi kutoa jibu la trofozoiti la kuaminika, iwe imesema zipo au hazipo. Na jipu la ini linalotokana na amiba huweza kuwapo huku choo kikiwa safi. Mwenye homa na maumivu chini ya mbavu za kulia anahitaji kipimo cha picha, yaani ultrasaundi. Choo hakitoshi.

Kipo kipimo kinachotofautisha histolitika na dispari. Kinatafuta protini ya kimelea chenyewe, kinaitwa kipimo cha antijeni cha amiba, na kinapatikana kwenye hospitali kubwa na baadhi ya maabara za mijini. Ni ghali kuliko kipimo cha kawaida cha choo, lakini linganisha na bei ya dozi tano. Seremala wetu alipopimwa hivyo, histolitika haikuwepo. Sisti alizokuwa akiandikiwa miaka mitatu zilikuwa mpangaji asiye na ugomvi na mwenye nyumba.

Mtu ataniuliza: kama si amiba, mbona flajili ilikuwa inanipa nafuu? Swali zuri, na lina majibu mawili. Kwanza, tumbo la muda mrefu hupanda na kushuka lenyewe. Watu huenda kupima siku likiwa limepanda, kwa hiyo chochote utakachomeza siku hiyo kitaonekana kimesaidia wiki ijayo. Pili, metronidazoli huua pia bakteria wengi wa utumboni, wakiwemo wanaotengeneza gesi, na tumbo hupungua kujaa kwa muda hadi wao warudi. Zaidi ya hapo, dawa hii huingia mwilini kwa wingi na hufanya kazi vizuri kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini, lakini sisti zilizobaki ndani ya utumbo huziondoa vibaya. Ndiyo maana hata mtu mwenye histolitika ya kweli hutakiwa kumalizia na dawa nyingine ya kusafisha ndani ya utumbo, kama diloksanidi au paromomaisini. Asipopewa, atapimwa tena, sisti zitaonekana, naye ataambiwa ana amiba sugu. Usugu huo mara nyingi ni wa dozi isiyokamilika, si wa kimelea.

Turudi kwenye karatasi: mayai ya safura. Hapa ndipo mhudumu alipopata sababu ya kutoshtuka na ule mstari wa damu, maana minyoo ya safura hunyonya damu, kila mtu aliyesoma baiolojia ya sekondari anajua hilo. Hoja hiyo ina ukweli, na kwa mtoto wa kijijini au mama mjamzito inaweza kuwa ndiyo jibu. Lakini minyoo huhesabika, na hesabu ndiyo inayoamua.

Kipimo cha kuhesabu mayai kinaitwa Kato-Katz. Choo huchujwa, kikajazwa kwenye tundu dogo linalobeba miligramu 41.7, kikatandazwa kwenye kioo, mayai yakahesabiwa na kuzidishwa kwa 24 ili kupata idadi kwa kila gramu. Kwa safura kioo kisomwe mapema, ndani ya saa moja hivi, kwa sababu dawa ya kung'arisha inayotumika huyafuta mayai yake yasionekane. Seremala wetu alikutwa na mayai 8, yaani 192 kwa gramu. Shirika la Afya Duniani huita maambukizi ya safura mepesi yakiwa chini ya mayai 2,000 kwa gramu, na makali yakianzia 4,000.

Sasa tukadirie. Mtu mzima akitoa gramu 200 za choo kwa siku, mayai yake ni kama 38,000. Mnyoo jike mmoja wa aina iliyoenea Afrika Mashariki hutaga maelfu kadhaa hadi 10,000 kwa siku. Tukichukua 5,000, majike ni kama manane, na pamoja na madume tuseme minyoo kumi na sita. Mmoja wa aina hiyo hunyonya takriban sehemu 3 za mia za mililita kwa siku. Wote pamoja hawafikishi nusu mililita. Mtu mwenye afya kamili, asiye na mnyoo hata mmoja, hupoteza utumboni kiasi kama hicho au zaidi kidogo kila siku bila kujua. Ni makadirio tu, lakini hata ukiyazidisha mara tatu hayatoshi kumfanya mwanaume wa miaka 48 asimame njiani kupumua.

Na kweli alikuwa na upungufu wa damu. Hemoglobini ilikuwa gramu 9.6 kwa desilita, wakati mwanaume mzima anatakiwa kuwa na 13 au zaidi, na chembe zake nyekundu zilikuwa ndogo, dalili ya madini ya chuma kuisha. Mwanaume hapati hedhi wala hanyonyeshi. Chuma chake kikiisha, mara nyingi damu inavuja mahali fulani, na mahali penyewe mara nyingi ni njia ya chakula. Dawa ya minyoo alipewa, ni sawa, minyoo haina faida kwake. Kosa lilikuwa kuifanya minyoo kumi na sita ibebe mzigo wote.

Kwa kuwa tuko Mwanza, siwezi kupita bila kutaja kichocho cha matumbo. Ukanda wote wa Ziwa Viktoria una kichocho hicho, na wavuvi, wachota maji na waliokulia visiwani wako hatarini zaidi. Mayai yake, yenye mwiba ubavuni, hutoka machache sana kwenye choo cha mtu mzima aliyeishi nacho miaka mingi, na kioo kimoja kinaweza kuyakosa kabisa. Ukiwa umekulia kando ya ziwa, "hakuna mayai" ya kioo kimoja hayatoshi. Omba vioo viwili kutoka choo cha siku mbili tofauti, au kipimo cha mkojo kinachoitwa CCA, ambacho hutafuta protini ya mnyoo wenyewe. Uzito wa jambo hili hautokani na kuumwa tumbo tu. Kichocho cha miaka mingi hukaza ini, mishipa ya koo la chakula ikavimba, na siku moja mtu hutapika damu bakuli zima bila onyo lolote. Vioo viwili vya seremala na kipimo cha mkojo vilikuwa safi.

Tumebaki na mstari wa chini, FOB, kipimo cha damu iliyofichika. Damu hiyo ni kidogo mno kuonekana kwa macho, na kipimo huitambua kwa kemikali. Kuna njia mbili, na ni lazima ujue wewe umepimwa kwa ipi, kwa sababu kila moja hukosea kwa namna yake.

Njia ya zamani ni kadi ya gwayaki. Choo hupakwa kwenye kadi, kikadondoshewa dawa, na rangi ya buluu ikitokea jibu ni chanya. Kinachobadilisha rangi ni kile kiini cha chuma kilichomo kwenye damu, na kadi haiwezi kujua ni damu ya nani. Supu ya ng'ombe, mishikaki, maini, au mutura waliyozoea ndugu zetu wa Kenya, vyote huweza kuigeuza kadi buluu. Ndiyo maana hutakiwa kuacha nyama nyekundu siku tatu kabla. Upande wa pili, vitamini C nyingi, zaidi ya miligramu 250 kwa siku, huficha damu iliyopo. Vidonge vile vya machungwa vya kutafuna, ambavyo vijana hula kama pipi, vinaweza kukupa jibu la uongo la usalama. Vidonge vya kuongeza damu hugeuza choo kuwa cheusi lakini kwa kawaida haviigeuzi kadi.

Njia mpya huandikwa FIT. Hutumia kingamwili inayoitambua protini ya damu ya binadamu tu, kwa hiyo nyama haina shida. Lakini protini hiyo humeng'enywa ikisafiri kutoka tumboni hadi chini. Damu ya kidonda cha tumbo inaweza kuvuja kila siku na FIT ikasema hakuna kitu. Kipimo hiki ni kizuri kwa utumbo mpana na dhaifu kwa tumbo lenyewe. Tena hakipendi joto: sampuli iliyokaa juani kwenye mfuko wa pikipiki hupoteza protini hiyo, nayo ikatoa hasi ya bandia.

Kwa njia zote mbili, usipime ukiwa kwenye hedhi wala siku tatu baada yake, usipime bawasiri ikiwa inatoa damu siku hiyo, na usiokote choo kilichogusa maji au dawa ya kusafishia choo. Tandaza karatasi au tumia beseni kavu. Damu huvuja leo ikakata kesho, kwa hiyo kadi ya gwayaki hutaka sampuli za siku tatu. Kama unameza aspirini kwa agizo la daktari wa moyo, usiiache kwa ajili ya kipimo kabla ya kumuuliza.

Vipimo hivi hutumika zaidi kuwachuja watu wasio na dalili yoyote, ili kumpata mapema mwenye uvimbe wa utumbo mpana. Kwa mtu aliye na dalili, havitoshi peke yake. Jibu chanya halisemi saratani. Mara nyingi ni kidonda, bawasiri, mchubuko wa dawa za maumivu au vivimbe vidogo visivyo saratani. Lakini halifutwi kwa kupimwa mara ya pili na kupata hasi. Nimeona hilo likifanywa kwa nia njema: mgonjwa anaogopa, anarudia kipimo kwingine, kinatoka hasi, anashangilia, na karatasi ya kwanza inatupwa. Damu ilikuwa imepumzika tu. Chanya moja isiyoelezeka inatosha kukupeleka kwa daktari anayeweza kuagiza kamera. Na jibu hasi kwa mtu anayekonda, mwenye upungufu wa damu, anayemeza chakula kwa shida, au ambaye choo kimebadilika kwa zaidi ya wiki sita, halimaanishi chochote cha kumtuliza. Huyo anahitaji kamera hata kama kadi imebaki nyeupe. Ujana nao si kinga. Saratani ya utumbo mpana kwetu huwapata pia watu walio chini ya miaka 50.

Kamera ya kuingilia mdomoni, endoskopi, hupatikana Bugando, KCMC, Muhimbili na hospitali nyingine kubwa. Ya kuingilia nyuma, kolonoskopi, hufanyika sehemu chache zaidi na huhitaji utumbo usafishwe kwa dawa ya kuharisha siku moja kabla. Wanaume wengi huikimbia kwa aibu. Seremala wetu alianza na ya mdomoni, kwa sababu maumivu yalikuwa juu na alikuwa amekiri, hatimaye, habari za diklofenaki. Wakakuta kidonda cha tumbo chenye kitako cheupe na damu kavu pembeni. Wakakata vinyama vya ukingoni, na maabara ya tishu ikasema si saratani, bali kuna bakteria wa H. pailori. Daktari hakuishia hapo. Kwa umri ule na upungufu ule wa chuma aliagiza na ya nyuma, ikatoka safi. Alitibiwa bakteria kwa siku 14, akapewa dawa ya kupunguza asidi na vidonge vya chuma, na diklofenaki ikapigwa marufuku. Kwa kuwa kidonda cha tumbo kinaweza kuficha saratani, alirudishwa kwenye kamera baada ya wiki nane kuhakikisha kimefunga. Kilikuwa kimefunga, na hemoglobini ilikuwa ikipanda.

Wapo ambao vipimo vyote hivi vitatoka safi na tumbo litaendelea kusumbua. Hao wanastahili daktari wa kukaa nao na kuwauliza juu ya maziwa, dawa wanazomeza, na mtiririko wa choo chao, wala si kipimo cha sita cha choo. Kimelea kimoja tu ningetaka kiulizwe zaidi: ukiandikiwa dawa za steroidi za muda mrefu, kwa mfano za pumu kali au viungo, mwambie daktari kama uliwahi kutembea peku kwenye udongo wenye unyevu na una historia ya tumbo na vipele vinavyotambaa. Mnyoo aitwaye strongiloidi hutoa mabuu badala ya mayai, kipimo cha kawaida humkosa mara nyingi, na steroidi humfungulia mlango wa kusambaa mwili mzima. Dawa yake ni ivamektini. Albendazoli ya kidonge kimoja haimtoshi.

Kwa hiyo bahasha yako usiitupe. Zipange karatasi kwa tarehe, na pembeni ya kila moja andika dawa uliyopewa na nafuu ilidumu siku ngapi. Andika pia dawa zote za maumivu unazonunua mwenyewe, pamoja na zile za kienyeji. Ukifika kwa daktari muulize mambo matatu: hii amiba imetofautishwa au imeonekana kwa hadubini tu, mayai ya minyoo yalihesabiwa mangapi, na damu ilipimwa kwa kadi au kwa FIT. Kama kwenye karatasi zako kuna alama ya kujumlisha mbele ya FOB ambayo hakuna aliyeizungumzia, weka hiyo juu kabisa.

Na siku ukiona choo cheusi tii, kinachong'aa na kunata, chenye harufu kali usiyoizoea, au ukitapika damu, au kitu kinachofanana na masimbi ya kahawa, usitafute kikopo cha sampuli. Nenda idara ya dharura usiku huohuo.